Rojo la keki likikatika baada ya mayai: jua kwanza kama ni baridi au joto

*"Mwalimu, habari za siku nyingi. Naoka keki za oda hapa Nakuru. Siagi na sukari zinapigika vizuri, lakini nikianza kutia mayai rojo linakatika kama maziwa yaliyoharibika. Niliambiwa niweke bakuli juu ya maji moto, na hapa nyumbani inasaidia. Juzi nilikuwa Kisumu kwa dada yangu, likakatika tena, na mayai yenyewe hayakuwa ya friji. Nikaweka juu ya maji moto, likawa mafuta matupu. Kosa ni nini, na likifika hapo linaweza kurudi kweli?"*

Salama dada. Linarudi, hata lile la Kisumu lingerudi. Shida ni kwamba ulikutana na magonjwa mawili tofauti ukayapa dawa moja. La Nakuru lilikatika kwa baridi, kwa hiyo maji moto yakalisaidia. La Kisumu lilikatika kwa joto, ukaliongezea joto jingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, cha kwanza ni kujua uko upande gani, na bakuli lenyewe hukuambia ukiliangalia vizuri.

Tuanze na kilichomo humo ndani. Chukua keki ya kawaida ya uzani sawa: siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai gramu 250 bila maganda (hayo ni kama mayai matano ya wastani) na unga gramu 250. Siagi si mafuta matupu. Kati ya gramu 250, mafuta ni kama gramu 200, na kama gramu 40 ni maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta katika matone madogo mno ambayo jicho halioni. Yai nalo robo tatu yake ni maji. Kwa hiyo mayai yako matano yanaleta karibu gramu 190 za maji. Ukijumlisha na yale ya siagi unapata kama gramu 230 za maji, na unataka zikae zimetulia ndani ya mafuta yanayozidi gramu 200 kidogo tu, ukihesabu na yale ya kwenye viini. Hapo utaona kwa nini yai la kwanza huingia bila ubishi wowote, na vurugu huanza kwenye la tatu au la nne. Mafuta yamekaribia mwisho wa uwezo wao wa kubeba maji, na kosa dogo ambalo mwanzoni lingesamehewa sasa halisameheki.

Maji na mafuta havipatani vyenyewe, kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyovishika pamoja. Cha kwanza ni lesithini iliyo kwenye kiini cha yai. Upande wake mmoja unashika mafuta, upande wa pili unashika maji, na hukaa katikati yao kila tone linapoundwa. Cha pili ni hali ya siagi yenyewe, na hapa ndipo waokaji wengi hawapatilii maanani. Siagi iliyolainika vizuri ni nusu ngumu nusu majimaji: sehemu ya mafuta yake ni chembe ndogo ngumu, na sehemu nyingine ni mafuta yanayotiririka katikati ya chembe hizo. Yanayotiririka ndiyo yanayojitandaza kuzunguka matone ya maji. Chembe ngumu ndizo zinazoshikilia matone hayo mahali pake, pamoja na mapovu ya hewa uliyoyapiga humo. Hali hiyo hupatikana siagi ikiwa kati ya nyuzi 18 na 21 hivi za Selsiasi. Ikishuka sana, karibu yote ni chembe ngumu na haiwezi tena kujitandaza. Ikipanda sana, chembe zinayeyuka na hakuna cha kushikilia. Rojo likikatika, aghalabu limetoka nje ya nafasi hiyo, ama kwa chini ama kwa juu.

Sasa tuangalie jiko lako la Nakuru. Tuseme umeilainisha siagi ukaipiga na sukari, na mchanganyiko uko nyuzi 20, mahali pake kabisa. Unatoa mayai kwenye friji, yako nyuzi 4. Mtu hudhani yai moja dogo haliwezi kupoza bakuli zima. Lakini maji ya yai yana uwezo mkubwa wa kubeba joto kuliko mafuta na sukari, kwa hiyo gramu 250 za mayai baridi zinavuta karibu sawa na gramu 500 za siagi na sukari. Ukipiga hesabu, mayai yote yakishaingia bakuli zima litakuwa limeshuka hadi nyuzi 12 au 13. Siagi ya nyuzi 12 ukiiwekea kisu inakatika, haipakiki. Mafuta yanajikusanya kuwa punje ngumu, maji yanabaki peke yake, na hicho ndicho unachokiona.

Hata ukiacha kutumia friji, usiliamini sana lile neno la mapishi, "joto la chumba". Chumba cha nani? Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Njoro ni juu zaidi. Asubuhi ya Julai, jiko ambalo halijawashwa moto linaweza kuwa nyuzi 13 au 14, na mayai ya trei iliyolala kabatini yako hivyo hivyo. Sukari na bakuli la bati pia. Hayo ni mayai baridi, ingawa hayajaiona friji maishani mwake.

Likikatika kwa baridi, dalili zake ni hizi. Utaona punje ndogo nyeupe zinazosimama zenyewe, na majimaji ya manjano hafifu yanayotembea katikati yake na kukusanyika chini ya bakuli ukiinamisha. Rojo halingʼai. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: utahisi punje ngumu kwanza, kisha baada ya sekunde chache joto la vidole linaiyeyusha. Na ukigusa bakuli kwa nje kwa mgongo wa mkono, ni baridi. Ukiyaona hayo, una hakika.

Dawa ni joto kidogo, na neno ni kidogo. Chemsha maji kiasi kwenye sufuria, zima moto, acha yatulie. Weka bakuli juu kwa sekunde 10 tu, litoe, lipige. Angalia kuta za bakuli: rojo lililogusa kuta litakuwa limeanza kulegea huku la katikati bado lina punje, na ukilipiga linajichanganya. Kama punje bado zipo, rudisha sekunde 10 nyingine. Mara mbili au tatu kwa kawaida zinatosha, na mabadiliko huja kwa ghafla: dakika hii ni punje, dakika inayofuata limeshikana na linapanda pande za mwiko. Ukifika hapo acha, usitafute ulaini zaidi kwa moto, la sivyo utavuka upande wa pili bila kujua. Njia hii inataka bakuli la bati au la kioo. La plastiki linachelewesha joto, kisha joto hilo linakuja lote kwa pamoja wakati hulihitaji tena.

Kama bakuli lako ni la plastiki, au unatumia mikisa yenye bakuli zito, kuna njia ninayoipenda zaidi. Chota rojo kiasi cha kikombe kidogo cha chai, litie kwenye kisufuria, lipashe huku ukikoroga mpaka lilegee kama uji mwepesi. Lisifikie moto wa kukuunguza kidole, maana ute wa yai huanza kuganda ukipita nyuzi 60 hivi, na ukishaganda haurudi. Kisha limimine polepole kwenye bakuli huku unapiga. Joto linaingia katikati ya rojo badala ya kwenye kuta, kwa hiyo hakuna sehemu inayoyeyuka kabla ya nyingine.

Tuende Kisumu. Mji uko kama mita 1,130 tu, kando ya ziwa, na mchana jiko lenye oveni inayowaka hupita nyuzi 28 kwa urahisi. Siagi uliyoiacha mezani tangu asubuhi "ilainike" imeshakuwa na joto hilo hilo. Bado ukiibonyeza inaonekana siagi, lakini chembe nyingi zilizoishikilia zimeshayeyuka. Ongeza na joto la mikisa yenyewe, kwa sababu visu vinavyozunguka kwa kasi kwa dakika saba au nane vinapasha siagi kwa msuguano. Ukifika kwenye mayai, matone ya maji hayana pa kushikwa, yanateleza na kuungana, na hewa uliyoipiga imeanza kutoka. Siagi huyeyuka kabisa ikipita nyuzi 32 hivi, na ukishaweka bakuli juu ya maji moto ulikuwa umeifikisha hapo.

Dalili za huku ni tofauti kabisa. Rojo linangʼaa. Ni jepesi, linateleza kutoka kwenye mwiko badala ya kuning'inia, na pembeni mwa bakuli kuna mstari wa mafuta. Ukisugua kwa vidole hakuna punje, ni mafuta tu na chenga za sukari. Mara nyingi ungeweza kuligundua hata kabla ya mayai: siagi na sukari zikipigwa vizuri rangi hufifia kuwa karibu nyeupe na ujazo huongezeka, zikiwa na joto mno hubaki za manjano na kungʼaa, hata upige kwa muda gani. Ukiiona manjano hiyo, simama hapo hapo, usitie yai hata moja.

Dawa yake ni kupoza kisha kupiga upya. Weka bakuli ndani ya beseni la maji yenye barafu, au kwenye friji kwa dakika 10, ukikwangua kuta kila baada ya dakika chache ili la pembeni lisigande peke yake. Unangoja mpaka rojo lianze kuwa zito na kushikilia alama ya mwiko. Hapo lipige kwa nguvu. Mafuta yakianza tena kujenga chembe zake, utaliona likiacha kungʼaa, rangi ikififia, na maji yakimezwa. La Kisumu lililokuwa mafuta matupu lingehitaji muda zaidi, pengine dakika 20 za friji kwa vipindi, lakini lingeshikana. Nisikufiche, hata hivyo: hewa iliyotoka siagi ilipoyeyuka hairudi yote ukishaweka mayai, kwa hiyo keki hiyo itakuwa na nyama nzito kuliko kawaida. Ni keki ya kuliwa nyumbani na chai, si ya kumpelekea mwenye oda ya harusi.

Suala hilo la hewa ndilo linalofanya niling'ang'anie jambo hili. Watu husema bekin pauda itainua keki hata rojo likiwa limekatika. Bekin pauda haitengenezi mapovu mapya. Gesi yake huingia kwenye mapovu yaliyokwisha kuwemo na kuyapanua. Mapovu hayo uliyaweka wewe, ulipopiga siagi na sukari. Ukiyapoteza na ukaongeza bekin pauda kufidia, unapata mashimo makubwa machache, juu panapasuka, na utamu wa keki unaharibiwa na ladha ya magadi.

Kuna hali ya tatu: umepima, bakuli si baridi wala moto, na bado limekatika. Hapo umetia yai haraka mno. Mafuta yanahitaji muda wa kumeza kila tone kabla ya jingine kuja. Chukua kijiko kimoja cha kulia cha unga kutoka kwenye ule uliokwisha kuupima (usiongeze mwingine), utie, upige kwa muda mfupi. Wanga na protini za unga zinafyonza maji yaliyojitenga, na rojo linatulia. Kijiko kimoja kwa kila yai lililobaki kinatosha. Watu wengi hukimbilia unga kama dawa ya kwanza ya kila mkatiko, nami sikubaliani nao: kwenye rojo baridi unga unaficha punje bila kuziondoa, na punje hizo zitayeyuka ndani ya oveni na kuacha keki yenye mafuta chini. Rekebisha joto kwanza, unga uje baadaye kama bado unahitajika. Na ukishatia vijiko viwili vitatu, punguza kupiga, kwa maana ngano ikipigwa sana kwenye maji inajenga utando unaofanya keki kuwa ngumu.

Kwa keki zako zijazo, ningefanya hivi. Nakuru, weka mayai na maganda yake kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, maji ambayo mkono unakaa ndani bila shida. Kama asubuhi ni baridi, suuza bakuli la kupigia kwa maji ya moto na ulikaushe vizuri. Kisumu fanya kinyume: siagi itoke friji dakika 20 au 30 tu kabla ya kuanza, ikatwe vipande, na uianze ikiwa bado inakataa kidole kidogo, nyuzi 16 hivi, kwa sababu mashine na hewa vitaimalizia njiani. Mayai ya Kisumu yanaweza hata kuwa ya ubaridi kidogo, yatakusaidia. Kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka kinakuondolea kubahatisha kote huku.

Mayai yenyewe yavunje yote kwenye jagi, uyakoroge kwa uma mpaka kiini na ute vichanganyike, kisha tia kama vijiko viwili vya kulia kwa mara moja, usubiri vimezwe kabisa kabla ya vingine. Ute peke yake ni maji kwa sehemu tisa kati ya kumi na hauna lesithini, kwa hiyo yai lisilokorogwa likiingia, ute huteleza mbele ya kiini na kuleta mkatiko. Yapime pia kwa mizani. Yai la kienyeji laweza kuwa gramu 40 bila ganda na la gredi kubwa likapita 55. Mtu anayeandika "mayai matano" hajui ya kwako ni yapi, na tofauti ya gramu 75 kwenye mayai matano ni kijiko baada ya kijiko cha maji ambayo mafuta hayakupangiwa.

Soma pia lebo ya unachokiita siagi. Siagi halisi na majarini ya kuokea huwa na mafuta asilimia 80 au zaidi. Zile za kopo za kupaka mkate, nyingi zina mafuta machache na maji mengi. Ukisoma 60 au chini yake, umeanza kazi ukiwa umeshajaza maji ambayo yangekuwa ya mayai, na hakuna joto litakalokuokoa. Kwa Kisumu, majarini ya kuokea ina faida yake kwa sababu imetengenezwa ibaki imara kwenye joto, ingawa kwa ladha siagi inaishinda mbali.

Mwisho, kama yai la mwisho limeingia na unaona chenga kidogo tu, bila maji yaliyotuama chini na bila mafuta pembeni, usihangaike. Tia theluthi moja ya unga kwa mwendo wa taratibu, litajishika, endelea na unga na maziwa kama kawaida. Keki hiyo itakuwa na tundu kubwa kidogo ukilinganisha na ya rojo lililoshikana, na mlaji hatatambua. Lakini kama maji yametuama chini ya bakuli, usilimimine kwenye bati ukitumaini oveni italirekebisha. Litatoka na mstari mzito uliobanana chini na mafuta yaliyolowesha karatasi. Dakika tano za kulipasha au kulipoza ni bora kuliko bati zima la unga, mayai na siagi.